Namna ya kuandaa na kutoa hotuba ya kuwaomba majirani wachangie ukarabati wa mtaro

Kila masika yanapokwisha, watu waliopewa jukumu la kusimama mbele ya mkutano wa mtaa na kuomba michango ya mtaro huuliza maswali yaleyale: nianze na nini, nitaje kiasi gani, nimjibu nini mpangaji anayesema kwamba mtaro ni wa mwenye nyumba, na nifanye nini mtu akisema kwamba fedha za mwaka ule ziliishia mifukoni mwa watu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa mtaa wa mjini nchini Tanzania, hasa Dar es Salaam, ambaye mtaro wa pamoja umebomoka mahali fulani na maji yameanza kuingia majumbani.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Wakazi hawahitaji kushawishiwa kwamba mtaro ni mbovu, kwa sababu wameruka madimbwi yake kuanzia Machi hadi Mei. Kila aliyeketi pale anajiuliza mambo mawili tu: kwa nini nitoe mimi, na fedha yangu itapita mikononi mwa nani. Hotuba isiyojibu maswali hayo mawili kwa tarakimu na kwa majina itapigiwa makofi, kisha watu watarudi nyumbani bila kutoa kitu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nafasi kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi, uliyoiomba kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na kuthibitishiwa na Mtendaji wa Mtaa. Usitegemee kipengele cha «mengineyo», kwani hapo watu huwa wameanza kuinuka.
- Jibu la maandishi, au angalau jibu la wazi la ofisi ya mtaa, kuhusu nani anayemiliki mtaro huo.
- Vipimo vya mtaro na makadirio ya gharama yaliyoandikwa na fundi.
- Orodha ya nyumba zote zinazomwaga maji kwenye mtaro, pamoja na namba za simu za wenye nyumba wasioishi hapo.
- Watu watatu waliokubali kusimamia fedha. Wewe mtoa hotuba usiwe mmoja wao.
- Karatasi mbili za manila, kalamu nene, daftari la michango na kitabu cha stakabadhi chenye nakala.

## Hatua kwa hatua

1. Thibitisha mtaro ni wa nani.

Mitaro iliyo kandokando ya barabara nyingi za mitaa iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, na ile ya barabara kuu na za mikoa iko chini ya TANROADS. Mfereji unaopita kati ya nyumba na nyumba, ambao wakazi wenyewe waliuchimba walipoanza kujenga, kwa kawaida hauna mwenyewe zaidi yao. Andika barua kupitia ofisi ya mtaa ukieleza eneo na tatizo, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ina kazi mbili. Inakukinga usijenge ndani ya hifadhi ya barabara bila idhini na kubomolewa baadaye, na siku ya mkutano ndiyo jibu lako kwa anayeuliza kwa nini Serikali haijaambiwa.

2. Fuata maji, kisha pima.

Tembea kando ya mtaro mvua inaponyesha, au mara tu baada ya kukatika, kuanzia nyumba ya juu kabisa hadi maji yanapotokea. Wengi hukimbilia kutazama ukuta ulioanguka, ilhali chanzo kiko chini zaidi. Katika mitaro mingi, tope na mifuko ya plastiki huziba mdomo wa kalavati, maji husimama kwa siku kadhaa, udongo ulio nyuma ya ukuta hushiba maji, na kwa kuwa hakuna matundu ya kuyatolea, ukuta husukumwa ukalala. Ukijenga ukuta mpya bila kuzibua kalavati, msimu unaofuata utaitisha mkutano mwingine.

Kupima mteremko hakuhitaji mhandisi. Chukua mpira wa maji unaoangaza, ule mafundi wanaoutumia kupimia usawa, ujaze maji na uhakikishe hakuna hata povu moja ndani yake. Mtu mmoja ashike ncha ya mwanzo wa kipande kibovu, mwingine ashike ncha ya mwisho, wasubiri maji yatulie, kisha kila mmoja apime kwa futi kuanzia usawa wa maji hadi sakafu ya mtaro. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko. Kwa mtaro wa zege, sakafu ishuke angalau sentimita 5 kwa kila mita 10. Ikiwa inashuka kidogo kuliko hapo, mchanga utatuama hata kama mtaro ni mpya. Ukikuta sakafu inapanda kuelekea kalavati, mwambie fundi kabla hajaandika makadirio, kwa sababu hapo kazi imekuwa kubwa zaidi.

3. Geuza vipimo kuwa fedha.

Tuchukue mfano wa mtaro wenye urefu wa mita 80, upana wa ndani wa sentimita 50 na kina cha sentimita 60, ambao mita 24 za upande mmoja zimelala na sakafu ya kipande hicho imepasuka. Sakafu mpya yenye upana wa sentimita 80, ili ipite chini ya kuta, na unene wa sentimita 10, inahitaji zege la takriban mita 2 za ujazo. Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, hiyo ni karibu mifuko 13 ya kilo 50. Ukuta wa mita 24 kwa sentimita 60 ni mita za mraba 14.4, na kila mita ya mraba hula tofali kama 10 za inchi 6, kwa hiyo nunua 160 ukihesabu zitakazovunjika. Kujenga na kupiga plasta kutachukua mifuko mingine 5, na uongeze 2 ya akiba. Jumla ni mifuko 20. Tripu moja ya Kenta ya mchanga na moja ya kokoto zitatosha na kubaki kidogo.

Bei zifuatazo ni za mfano, nawe uziandike upya kwa bei za duka lenu la vifaa:

- Saruji mifuko 20 kwa 17,000: shilingi 340,000
- Tofali 160 kwa 1,400: shilingi 224,000
- Mchanga tripu 1: shilingi 150,000
- Kokoto tripu 1: shilingi 220,000
- Fundi na msaidizi, mita 24 kwa 12,000: shilingi 288,000
- Vibarua wa kutoa tope mita 80 na kuzibua kalavati: shilingi 160,000
- Gari la kubeba tope tripu 2: shilingi 120,000

Jumla ni shilingi 1,502,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, nayo inakuwa 1,652,200.

Angalia mstari wa gari la tope, kwa sababu ndio husahaulika zaidi. Tope likitolewa na kuachwa kingoni mwa mtaro, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka, na wakazi huhesabu kwamba fedha yao imetupwa.

4. Amua namna ya kugawa gharama.

Ushauri wangu ni kwamba mchango uhesabiwe kwa nyumba, wala si kwa kaya au kwa kichwa. Mwenye nyumba ndiye anayebaki na mtaro, mpangaji anaweza kuhama mwezi ujao. Mpangaji akitaka kulipa kwa niaba ya mwenye nyumba na kukata kwenye kodi, waandikiane; mkutano usiwaingilie. Wapangaji waombwe zamu ya usafi wa mtaro baada ya ukarabati, jambo ambalo wengi hulikubali bila ubishi.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kugawa kwa idadi yote ya nyumba. Tuseme nyumba ni 46. Ukigawa 1,652,200 kwa 46 unapata karibu 36,000, lakini hesabu hiyo itatimia tu ikiwa hakuna mjane anayeishi kwa kusaidiwa, hakuna nyumba yenye mgogoro wa mirathi na hakuna mwenye nyumba aliyehamia mkoa mwingine asiyepokea simu. Toa nyumba 6, ugawe kwa 40, na upandishe kidogo: shilingi 42,000 kwa nyumba, zinazoleta 1,680,000. Zigawe katika awamu mbili za 21,000, ya kwanza mwisho wa mwezi huu na ya pili mwisho wa mwezi ujao, kwa kuwa wengi hupata fedha mwisho wa mwezi. Nyumba zitakazosamehewa ziamuliwe na kamati ya mtaa faraghani, na majina yao yasisomwe popote.

5. Ongea na watu wachache kabla ya siku yenyewe.

Nenda kwa mzee anayeheshimiwa na upande wa juu, kwa mama anayeongoza kikoba cha mtaa, na kwa yule jirani ambaye hupinga kila kitu. Huyo wa tatu ni muhimu kuliko wote. Mwonyeshe makadirio, mwache ayachambue, na akipata kosa lirekebishe. Mtu aliyekagua hesabu sebuleni kwake ni nadra kusimama kuikataa hadharani, na mara nyingine yeye ndiye huitetea.

Chagua pia wakati. Juni unafaa, kwa kuwa matope ya masika bado yanaonekana na miezi mikavu ya kujengea iko mbele. Januari uiepuke, kwa sababu ni mwezi wa ada na sare za shule. Karibu na uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, ombi lolote la mchango hugeuka kuwa kampeni machoni pa watu, hata mwombaji awe hana chama.

6. Andika hotuba ya dakika 7.

Panga mambo kwa mtiririko huu: salamu, maji yanapita wapi, kilichoharibika na chanzo chake, gharama, mgao, watu watakaoshika fedha, na ombi lenye tarehe. Usianze na methali za umoja. Kila mtu amezisikia, na huonekana kama unajizungusha kabla ya kutaja fedha. Usianze pia kwa salamu za chama chochote. Hotuba inaweza kuwa hivi:

> Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Ndugu Mtendaji, wajumbe wa kamati, wazee wetu, mama zetu na ndugu majirani. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.
>
> Nimesimama kuzungumzia mtaro unaoanzia kwenye mwembe na kuishia kwenye kalavati la barabara. Nyumba 46 zinamwaga maji humo. Naomba tufanye hesabu moja pamoja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 20, linamwaga lita 2,000. Hayo ni madumu 100 ya lita 20 kutoka nyumba moja. Nyumba 46 ni madumu 4,600, na yote yanapita mlangoni kwa majirani zetu wa chini. Sisi tunaoishi juu hatuoni maji ndani, lakini maji wanayoyakumba wenzetu ndiyo yaliyotoka mapaani kwetu.
>
> Mita 24 za ukuta zimelala. Hazikuanguka kwa sababu ya ubovu wa fundi. Kalavati limeziba, maji yakasimama, udongo ukalegea, ukuta ukasukumwa. Kwa hiyo kazi itaanzia kwenye kalavati, halafu ndipo tujenge.
>
> Gharama yote ni shilingi 1,652,200, na mchanganuo wake uko kwenye karatasi hii ukutani. Anayejua duka lenye bei nafuu kuliko hizi asimame atuambie, tutamshukuru. Tumewaandikia TARURA kupitia ofisi hii, na nakala yenye muhuri ninayo hapa. Wakija, fedha yetu itakuwa bado iko salama na tutaamua upya pamoja. Wasipokuja kabla ya Agosti, vuli haitatungojea.
>
> Tunaomba shilingi 42,000 kwa kila nyumba, kwa awamu mbili za 21,000. Wapangaji hatuwadai mchango wa ujenzi. Tunawaomba zamu ya kusafisha mtaro. Jirani mwenye shida amwone Mwenyekiti wa kamati kimya kimya, na halitazungumzwa hapa.
>
> Mimi sitashika hata shilingi moja. Fedha zitashikwa na watu watatu mtakaowathibitisha leo, na hakuna atakayeweza kuzitoa peke yake. Kila anayelipa apewe stakabadhi. Kila Jumapili orodha ya waliolipa na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa ofisi.
>
> Ombi langu ni kwamba tupige kura sasa hivi kuhusu kiasi, kuhusu tarehe na kuhusu watu hao watatu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Tazama kwamba mfano huu hautaji jirani yeyote kwa kosa. Karibu kila mtaro una nyumba iliyochomeka bomba la bafu au la choo ndani yake, nalo ni kosa kisheria, lakini ukilitaja kwenye hotuba mkutano utageuka kuwa mahakama na fedha hazitazungumzwa tena. Mwachie Mtendaji na bwana afya walishughulikie kwa wakati wake, na uhakikishe tu kwamba bomba hilo linafungwa kabla fundi hajamwaga sakafu.

7. Iseme, usiisome.

Bandika karatasi mbili za manila kabla watu hawajaketi: moja yenye mchoro wa mtaro na kipande kibovu kikiwa kimetiwa rangi, nyingine yenye mchanganuo wa gharama kwa herufi ambazo mtu wa safu ya nyuma anaweza kuzisoma. Ukifika kwenye hesabu, tembea hadi kwenye karatasi na uguse kila mstari. Ukifika kwenye kiasi cha kila nyumba, kitaje mara mbili polepole, halafu unyamaze kidogo. Watu watanong'onezana, waache. Wasemaji wengi huogopa kimya hicho na kuanza kujitetea au kushusha kiasi bila kuombwa, na kiasi kikishashuka mara moja kila mtu hujua kwamba kinaweza kushuka tena.

Mkutano wa mtaa mara nyingi hufanyika nje, chini ya mti au mbele ya ofisi, na bodaboda hazisimami kwa ajili yenu. Kama hakuna kipaza sauti, simama mahali ambapo upepo unavuma kutoka kwako kuelekea kwa wasikilizaji, na rudia tarakimu kwa sauti kila ukelele unapopita.

8. Usiruhusu mkutano ufungwe kabla ya maazimio.

Mwombe Mwenyekiti apige kura kwa mambo matatu moja moja: kiasi kwa nyumba, tarehe za awamu, na watu watatu. Mtendaji aandike muhtasari na idadi ya waliohudhuria, nao wasaini. Kwa kutunza fedha, akaunti ya benki yenye watia saini watatu ni bora. Kwa mradi mdogo, huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba husaidia, kwa kuwa fedha haitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Usikubali fedha zitumwe kwa namba binafsi ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu siku simu yake ikipotea atashindwa kutofautisha mchango wa jirani na deni la shemeji.

Papo hapo weka meza, daftari na kitabu cha stakabadhi. Daftari liwe na namba ya nyumba, jina, awamu ya kwanza, awamu ya pili, namba ya stakabadhi na saini. Uwe umewaomba mapema wajumbe wa kamati walipe wao kwanza mbele ya watu. Nyumba 8 au 10 zikilipa pale pale, zilizobaki hufuata kwa urahisi zaidi kuliko kama siku ya kwanza iliondoka na ahadi tupu.

## Mambo yakienda kombo

«Hii ni kazi ya Serikali, tunalipa kodi.» Usibishane, kwa sababu kwa mitaro mingi anayesema hivyo hajakosea. Mwonyeshe barua yenye muhuri, kisha urudishe swali kwenye kalenda: vuli huanza Oktoba. Ikiwa mtaro kweli ni wa TARURA, elekeza michango kwenye kuzoa tope na kuzibua kalavati, na uache ujenzi hadi idhini itoke.

«Tulichanga mwaka ule, fedha zikaliwa.» Usimtetee aliyekuwepo wala usimshutumu. Soma majina ya watu watatu na namna ya kutoa fedha, na umwombe aliyelalamika awe mmoja wa wakaguzi wa daftari. Akikubali, umepata mkaguzi mkali kuliko yeyote ambaye ungemteua.

Waliohudhuria ni wachache. Usipitishe kiasi. Toa maelezo bila kura, kisha wajumbe wapite nyumba kwa nyumba na nakala ya mchanganuo, na mkutano uitishwe tena baada ya wiki mbili. Azimio la watu 12 kwa niaba ya nyumba 46 litapingwa na hao 34 kila mara utakapogonga geti.

Mwenye nyumba haishi hapo. Mpigie simu mwenyewe, kisha mtumie picha ya kipande kibovu na ya mchanganuo. Usimtume mpangaji wake, kwa kuwa mpangaji hawezi kumsukuma anayempangisha. Wengine hulipa awamu zote mbili kwa mkupuo wakiona ukuta wa nyumba yao kwenye picha.

Ahadi ni nyingi, fedha ni kidogo. Hapa ndipo miradi mingi hufa, wakati ingeweza kuendelea kwa kipimo kidogo. Tuseme hadi mwisho wa awamu ya pili zimepatikana shilingi 900,000. Kutoa tope mtaro mzima, kuzibua kalavati na gari ni 280,000, na hizo zisipunguzwe. Ujenzi, ukigawa gharama zake kwa mita 24, ni takriban shilingi 51,000 kwa mita, kwa hiyo mita 8 ni 408,000. Pamoja na asilimia 10 ya dharura unafika karibu 757,000, na kiasi kinachobaki kinafidia bei ya juu ya mchanga na kokoto vinaponunuliwa kwa guta badala ya Kenta. Mita hizo 8 zianzie chini, upande wa kalavati, na kupanda. Ukianzia juu, maji yatatoka kwa kasi kwenye sakafu laini na kuchimba kipande cha udongo kinachofuata, na utakuwa umemhamishia jirani wa chini tatizo ambalo amelipa ili liondoke.

Fundi anataka malipo yote kwanza. Nunueni vifaa wenyewe na mumlipe fundi kwa mita zilizokwisha. Kabla ya malipo ya mwisho, mjumbe mmoja ahakikishe mambo matatu: ukuta una matundu ya kutolea maji yenye kipande cha bomba kila mita 2, sakafu inashuka kwa mpira uleule wa maji mliotumia mwanzo, na zege limemwagiliwa maji kwa siku 7. Maji yakimwagwa ndoo moja upande wa juu na kusimama popote kabla ya kalavati, fundi arudi.

Fedha zimebaki. Zitangazwe kwenye ubao kwa tarakimu kamili, kisha mkutano uamue. Pendekezo la kawaida ni kutengeneza mifuniko ya zege yenye nondo kwenye vivuko vya magari, kwa kuwa ndipo kuta hupasuka kwanza, na kiasi kidogo kiwekwe kwa ajili ya kuzoa tope mwezi Septemba, kabla ya vuli.